Injini ya 125 imechoka: nifungue topu au nitafute pikipiki nyingine?

Mkokoteni_Hewa (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Nina pikipiki ya 125, injini ya pushrodi mtindo wa CG, ina kilomita 71,000 na zote nimeziendesha mwenyewe. Kila siku natembea kama kilomita 60 nikiwa na mzigo nyuma. Tangu miezi mitatu iliyopita inakula oili. Nikijaza hadi alama ya juu, baada ya kilomita 700 kijiti kinatoka kikavu. Kwenye kilima nilichokuwa napanda kwa gia ya nne sasa narudi ya tatu, wakati mwingine ya pili. Moshi wa bluu upo.

Fundi wangu anasema nibadili topu yote, yaani pistoni, ringi, silinda, na kichwa kifanyiwe kazi. Shemeji anasema nisitupe hela kwenye injini mzee, niiuze ilivyo nichukue iliyotumika yenye hali nzuri, na tayari amenitafutia moja.

Nisiwachoshe na bei. Tukiita gharama ya topu aliyonipa fundi fungu 1, hiyo ya shemeji ni mafungu 5, na yangu ikiuzwa na moshi wake naweza kupata mafungu 2. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

---

Njia_Panda

Uza. Injini ikishafunguliwa mara ya kwanza hairudi kama ya kiwandani. Utakuwa mteja wa fundi hadi uchoke.

---

Spana_Kumi

Moshi wa bluu ni ringi, mkuu. Usikubali topu yote. Weka ringi mpya tu kwenye pistoni ileile, gasketi mpya, funga. Mimi nimefanya hivyo mara mbili na moshi ulikata siku ileile.

---

Mzee_Maikromita

@Spana_Kumi, ulikata siku ileile, na baada ya muda gani ukarudi?

Mleta uzi, kabla ya kuuza au kufungua nijibu mambo mawili. Moshi unatoka lini hasa? Kama unatoka unapovuta mafuta kwa nguvu kupanda kilima, tunaangalia ringi na silinda. Kama unatoka kwa wingi unapowasha asubuhi kisha unapungua, au unapoteremka mteremko mrefu umeachia mafuta halafu ukavuta tena, hapo sili za valvu zinahusika, na hizo hazihitaji hata kugusa pistoni.

La pili, kuna mtu amepima kompresheni? Azima geji. Pasha injini, toa plagi, funga geji, shika mkono wa mafuta hadi mwisho kabisa na uushikilie hapo, kisha piga kiki mara saba au nane mpaka mshale uache kupanda. Andika. Halafu mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, piga kiki mara mbili tatu oili isambae, upime tena. Namba ya pili ikipanda sana, hewa ilikuwa inapita pembeni mwa pistoni. Isipopanda, inapita kwenye valvu au gasketi ya kichwa. Kazi ya nusu saa hiyo, na bila hiyo namba sisi wote humu tunakisia.

---

Tairi_Pana

Kama unabeba mzigo chukua 150, achana na 125. Iwe na diski mbele, na sproketi ya nyuma yenye meno mengi kidogo. Mimi yangu ina miaka miwili, sijaona shida. Rangi nyeusi inaficha mikwaruzo.

---

Mama_Helmeti

@Tairi_Pana mwanangu, hajauliza anunue aina gani. Ameuliza kama anunue.

---

Tairi_Pana

Samahani mama, nilisoma kichwa cha uzi haraka. Ila 150 bado nashauri.

---

Kona_Kali

Nisikilize mimi niliyepitia. Pikipiki yangu ilikuwa na kilomita 84,000, dalili kama zako. Nikafanya topu kamili: silinda ikachongwa, pistoni mpya, valvu zikasagwa. Ilirudi kuwa na nguvu hadi nikawa naringa nayo. Kilomita 4,000 baadaye ikaanza kugonga kwa chini, mlio mzito, hasa ninapovuta kutoka mwendo mdogo. Beringi ya chini ya konrodi imekwisha. Ikabidi injini ipasuliwe yote, krenki itolewe, na gasketi zote nilizonunua zikaenda na maji. Kilichoniumiza si hela tu, ni kwamba siku ya kwanza injini ilikuwa wazi, konrodi imesimama pale mbele yetu, na hakuna aliyeigusa kuijaribu.

Fundi aliniambia kompresheni mpya ndiyo iliyoua beringi ya zamani. Kwa hiyo topu kwenye injini mzee ni kama kumtwika mzee gunia la kijana.

---

Mzee_Maikromita

Pole sana @Kona_Kali. Ila maelezo ya fundi wako nayakubali nusu. Kompresheni iliyorudi inaongeza mzigo kwenye konrodi, ni kweli, lakini huo ndio mzigo ambao beringi ile iliubeba ikiwa mpya. Beringi nzima haifi kwa sababu hiyo. Naona mawili: ama ilikuwa imeshachoka na kelele za pistoni zilikuwa zinaificha, ama silinda ilirudi kutoka kuchongwa bila kuoshwa vizuri.

---

Kona_Kali

Ilioshwa kwa petroli, nilikuwepo.

---

Mzee_Maikromita

Petroli haitoshi. Inaondoa mafuta, lakini unga wa jiwe la kuchongea unabaki umejibana kwenye michoro ya ukuta wa silinda. Osha kwa maji ya moto na sabuni, sugua na brashi, suuza, futa kwa kitambaa cheupe hadi kitambaa kitoke cheupe. Kisha paka oili hapohapo, maana chuma tupu kinashika kutu ndani ya dakika chache. Unga usipotoka unaingia kwenye oili, na oili inaupeleka kwenye beringi. Sisemi ndicho kilichotokea kwako. Nasema siwezi kukiondoa.

---

Kiki_Moja

Mi nakubaliana na fundi wa Kona. Nimeona tatu za hivyo, zote baada ya topu. Haiwezi kuwa bahati mbaya mara tatu.

---

Mkokoteni_Hewa

Nimerudi. Geji nimeazima. Mara ya kwanza nikapata paundi 60 nikaogopa, kisha nikakumbuka sikushika mafuta. Nikashika hadi mwisho, ikatoa 100. Nikaweka oili kijiko kimoja, ikapanda hadi 145.

Moshi unatoka zaidi nikipanda kilima na mzigo. Asubuhi upo kidogo tu. Kwenye mteremko sijauona, ila siwezi kuangalia nyuma muda mrefu.

---

Spana_Kumi

Si nilisema ringi?

---

Mzee_Maikromita

Ulisema ringi, na uko karibu. Kutoka 100 hadi 145 kwa kijiko kimoja cha oili ni kuruka kukubwa, kwa hiyo hewa inapita pembeni mwa pistoni. Lakini geji haiwezi kukuambia kama ringi ndiyo imeisha au ukuta wa silinda. Hapo ndipo hela inapopotea.

---

Waya_Mwekundu

Naomba niingize kitu kuhusu geji. Zile zenye mpira mrefu ambazo valvu yake ndogo iko juu kwenye saa, si kule kwenye ncha inayofungwa kwenye plagi, zinadanganya kwenye injini ndogo. Hewa yote iliyomo ndani ya mpira inahesabika kama sehemu ya chumba cha moto, namba inashuka. Nilishawahi kupima injini mpya kabisa kwa geji ya gari nikapata 110. Kwa hiyo 100 yake huenda si 100. Na injini zenye kifaa cha kupunguza kompresheni wakati wa kuwasha nazo husoma chini.

---

Mzee_Maikromita

Sahihi kabisa, ahsante. Hiyo yake ya pushrodi kwa kawaida haina hicho kifaa, ila suala la mpira linaweza kumhusu. Ndiyo maana mimi huangalia tofauti ya kavu na yenye oili zaidi ya namba yenyewe. Geji ikidanganya, inadanganya mara zote mbili.

Mleta uzi, ushauri wangu: mwambie fundi atoe kichwa na silinda, LAKINI usinunue kifaa chochote bado. Gharama ya kufungua ni ndogo. Ukishafungua, kitu cha kwanza si pistoni. Shika konrodi kwa mikono miwili, pistoni ikiwa imetolewa, zungusha krenki mpaka konrodi ifike juu kabisa, kisha ivute juu na kuisukuma chini, wima. Isikike sauti au isisikike: hata mchezo mdogo wa juu na chini ni beringi imechoka. Usipake mafuta ya kulainisha kwanza, oili nzito inaweza kuuficha, kwa hiyo ifute au mwagia petroli kidogo hapo chini kabla ya kujaribu.

Ikicheza pembeni, kushoto na kulia, usishtuke. Konrodi lazima iwe na nafasi ya pembeni. Unapima kwa filageji kule chini, kati ya konrodi na gurudumu la krenki, na kitabu cha injini kina kikomo chake.

---

Bawa_la_Kuku

Subiri kwanza. Yangu fundi aliishika juu akaitikisa kushoto kulia, ikacheza kama milimita moja na zaidi, akasema krenki imekufa. Nikaiuza kama chuma chakavu kwa sababu hiyo. Mnaniambia haikuwa imekufa?

---

Mzee_Maikromita

Hatuwezi kujua sasa. Ncha ya juu ikitikisika pembeni kidogo ni kawaida, kwa sababu nafasi ndogo ya kule chini inakuzwa na urefu wa konrodi. Alijaribu juu na chini?

---

Bawa_la_Kuku

Hapana. Pembeni tu.

---

Mama_Helmeti

Pole baba. Sasa niseme la hesabu, maana naendesha na kutunza daftari.

Fungu 1 aliloambiwa mleta uzi si gharama yote. Ongeza kuchonga silinda kama fundi hakuihesabu, sili za valvu, gasketi za upande wa juu, oili ya kwanza ambayo utaimwaga mapema, na siku pikipiki itakazolala. Kwenye daftari langu topu ya "fungu 1" iliishia fungu 1 na nusu. Upande wa pili, iliyotumika ni 5, unatoa 2 za kuuza yako, inabaki 3. Lakini nayo utaiwekea cheni na sproketi, labda tairi, na kuhamisha umiliki. Tuseme 3 na nusu.

Kwa hiyo kama konrodi ni nzima, ni 1 na nusu dhidi ya 3 na nusu, na mimi ningefungua topu bila kulala nikiwaza. Kama konrodi imekufa, injini inapasuliwa yote, krenki inapelekwa kubadilishiwa konrodi na kunyooshwa, beringi za krenki zinabadilishwa huko huko. Kwangu hilo lingeongeza fungu 1 na zaidi. Unafika karibu 3, na hapo sasa shemeji anaanza kuwa na hoja. Ndiyo maana Mzee amesema konrodi kwanza.

---

Njia_Panda

Mama, umesahau kwamba ya 3 na nusu inakupa pikipiki nzima: shokabsoba, waya, breki, fremu. Ya 1 na nusu inakupa topu mpya kwenye mwili mzee.

---

Mama_Helmeti

Sijasahau. Mwili wa yake anaujua kwa kilomita 71,000. Mwili wa ile nyingine anaujua muuzaji. Ila nakubali, kama fremu yake ina ufa kwenye shingo au waya zimeungwaungwa, hesabu inabadilika. Mleta uzi atuambie.

---

Mkokoteni_Hewa

Fremu haina ufa, nimeifuta na kuiangalia shingoni na chini ya kiti. Waya nilibadili mwaka jana. Beringi za shingo zinahitaji kubadilishwa, hilo nakiri.

Kesho tunafungua.

---

Kiki_Moja

Ukifungua angalia na kamshafti, topu bila kamshafti ni bure.

---

Waya_Mwekundu

Kwenye hiyo ya pushrodi kamshafti haiko kichwani, iko chini inaendeshwa na gia, na pushrodi mbili zinapanda kwenda kwenye roka. Kichwani kuna roka na valvu tu. Unayoisema wewe ni ile yenye cheni ya taimingi. Hata hivyo vikanyagio vya kamshafti kule chini vinastahili kuangaliwa vikiwa wazi, kama vimelika usoni.

---

Mkokoteni_Hewa

Tumefungua. Konrodi: juu na chini hakuna kabisa, tumejaribu watu watatu baada ya kumwagia petroli. Pembeni filageji ya 0.35 inapita kwa kubana.

Silinda nimeipeleka kwa mchongaji mwenye geji ya ndani. Kipimo cha kiwandani ni 56.50. Juu, pale ringi inapogeukia, amepata 56.62 mbele kwenda nyuma na 56.57 kushoto kwenda kulia. Katikati 56.58. Chini kabisa 56.52. Kuna mstari mmoja wima upande wa nyuma, ukucha unaushika. Ringi ya kwanza tukiisukuma chini kwa pistoni, pengo lake ni 0.45. Tukiipandisha juu ni kama 0.75.

---

Mzee_Maikromita

Umefanya kazi nzuri sana. Hizo namba zinasema kila kitu, ngoja tuzisome pamoja.

Silinda ni pana juu kuliko chini kwa 0.10. Pia imekuwa yai kwa 0.05, mbele na nyuma ikilika zaidi, kwa sababu ndiko pistoni inakosukumwa wakati wa moto. Ringi ni duara lililokatwa, kila ukipanua silinda kwa 0.10 pengo linafunguka mara tatu na kidogo ya hapo. Ndiyo maana limetoka 0.45 chini hadi 0.75 juu. Yaani ringi inafunguka na kujifunga kila pistoni ikipanda na kushuka.

@Spana_Kumi, hapa ndipo jibu lako. Chukua ringi mpya yenye pengo la 0.20 kwenye silinda ya 56.50. Iweke juu kwenye 56.62. Pengo linakuwa karibu 0.58. Ni mpya, na tayari imechoka. Moshi unapungua siku ya kwanza kwa sababu ringi ya oili ina makali mapya, kisha unarudi.

---

Spana_Kumi

Ulirudi baada ya miezi minne, zote mbili. Niseme ukweli. Ila miezi minne kwa bei ya ringi tupu, kwa mtu ambaye hana hela ya zaidi, si haba.

---

Mzee_Maikromita

Hilo sikupingi. Mtu akijua ananunua miezi minne, ni uamuzi halali.

---

Kona_Kali

Akichonga injini si inakuwa kubwa, inakula mafuta zaidi? Nimesikia ukichonga 125 inakuwa kama 150.

---

Waya_Mwekundu

Hapana. Mwendo wa pistoni ni 49.5 na haubadiliki. Silinda ya 56.5 ni 124.1. Ukichonga hadi 57.0 unapata 126.3. Ili ufike karibu 150 kwa mwendo huo unahitaji silinda ya 62, ambayo ni silinda nyingine kabisa.

---

Bawa_la_Kuku

Kwa nini achonge? Seti mpya ya silinda na pistoni zinauzwa pamoja, unafunga tu.

---

Mzee_Maikromita

Njia zote mbili zinafaa. Seti ina faida ya haraka. Hasara yake ni kwamba ubora unatofautiana sana, nimeshapima silinda mpya kutoka kwenye boksi ikiwa tayari yai. Ukinunua seti, ipime kama ya zamani, usiiamini kwa sababu inang'aa. Silinda ya kiwandani ya injini hii ni chuma kigumu na inachongeka. Kuna injini nyingine silinda yake imepakwa utando mgumu ndani, hizo hazichongwi hivi, kwa hiyo msichukue ushauri huu kwa kila pikipiki.

Ukichonga, sheria moja: pistoni kwanza, silinda baadaye. Nunua pistoni, mpelekee mchongaji pamoja na ringi zake, yeye aipime sketi kwa maikromita halafu achonge kufuata hiyo pistoni, nafasi kati yao iwe kama kitabu kinavyosema, mara nyingi milimita 0.03 au 0.04. Mtu akichonga "saizi ya 0.25" bila kuishika pistoni, atakuwa anabahatisha.

0.25 inaipeleka silinda 56.75. Kutoka 56.62 inatosha kuondoa uyai, lakini huo mstari unaoshika ukucha unaweza kubaki. Mchongaji ataona. Ukibaki, nenda 0.50.

---

Mchanga_Moto

Nimesoma uzi wote kimya. Hakuna aliyeuliza KWA NINI silinda imelika juu kiasi hicho. Ulikaji mkubwa juu kuliko chini ni vumbi. Linaingia kupitia kabureta, linakutana na pistoni juu kwanza. Angalia filta ya hewa, na ule mpira kati ya boksi la filta na kabureta. Weka kidole ndani ya mpira upande wa kabureta, ukitoka na unga, umepata muuaji. Ukifunga topu mpya na mpira wenye ufa, utarudi humu mapema.

---

Kiki_Moja

Juu inalika zaidi kwenye kila injini, hata isiyopita vumbi. Pale juu joto ni kali, oili ni chache, na shinikizo la moto linaisukuma ringi ukutani. Huyu ni oili tu, anabadili akichelewa.

---

Mkokoteni_Hewa

Oili nilikuwa nabadili kila kilomita 2,500, mzigo ukizidi labda 3,000. Mpira nimeuangalia: kuna ufa mdogo chini, kwenye kona ya klipu. Kidole kimetoka na unga mwekundu. Sijui ufa una muda gani.

---

Mchanga_Moto

Basi.

---

Kiki_Moja

Kilomita 3,000 na mzigo kila siku kwenye lita moja ya oili bado ni nyingi, na kama oili ilikuwa inaisha njiani, amekuwa akitembea na nusu. Ufa unaweza kuwa wa wiki iliyopita.

---

Mkokoteni_Hewa

Kabla ya kununua pistoni nilienda kuona ile ya shemeji, nisimvunje moyo. Kijiti cha oili kilikuwa safi, eksozi haina masizi mengi. Ila nilipofika injini ilikuwa tayari ya moto, na muuzaji anasema aliiwasha ili nisisumbuke.

---

Mama_Helmeti

Rudi siku nyingine bila kumwambia saa. Weka mkono kwenye injini kabla haijawashwa. Ikiwa baridi ndipo inasema ukweli.

---

Waya_Mwekundu

Na ikishapata moto, chomoa mpira wa kupumulia wa injini, uache ikiwa inanguruma. Pumzi nyepesi ni kawaida. Ikitoa moshi kwa mapigo mazito, hewa ya moto inavuka ringi kwenda chini. Mtu anaweza kujaza oili nzito kuficha moshi wa eksozi, lakini hiyo pumzi haifichiki kirahisi. Angalia na mpira wa kikanyagio: kilomita 20,000 kwenye saa na kikanyagio kimelika hadi chuma havipatani.

---

Mkokoteni_Hewa

Nimerudi asubuhi. Baridi iliwaka kwa kiki ya nne, pumzi ya mpira ilikuwa ya wastani, si mbaya. Kikanyagio kimelika kuliko changu. Sijaona cha kuikataa moja kwa moja, lakini sijaona pia sababu ya kulipa mafungu 3 kuhama kutoka injini niliyoipima kwenda injini ambayo sijaipima. Shemeji ameamua kuichukua yeye.

Kwangu: 0.25 haikupatikana, na mchongaji alisema mstari usingeisha hata ingekuwepo. Nimechukua 0.50, akachonga kufuata pistoni. Kichwa tulikimiminia petroli kwenye njia ya eksozi, ikawa inavuja polepole kwenye valvu. Zimesagwa, sili mpya, sasa haivuji. Silinda nimeiosha mwenyewe kwa sabuni na maji ya moto, vitambaa sita. Mpira wa hewa mpya.

---

Spana_Kumi

Ringi umeziweka herufi zikitazama juu? Na mapengo yasikae mstari mmoja.

---

Mkokoteni_Hewa

Ndiyo, herufi juu, mapengo yameachana. Ahsante.

Swali sasa, niiendesheje? Fundi anasema kilomita 1,000 za kwanza nisipite mwendo wa 40.

---

Kona_Kali

Fundi yuko sahihi. Mimi ndivyo nilivyofanya.

---

Mzee_Maikromita

Siko naye. Ringi inahitaji kusukumwa ukutani ili ikae, na kinachoisukuma ni shinikizo la moto. Ukiilemaza kwa mwendo uleule mdogo, ukuta unalainika kabla ringi haijakaa, na inabaki kula oili. Ipe joto kwanza, kisha vuta kwa kiasi, achia, vuta tena, badilisha mwendo. Usiibane kwenye gia kubwa, usibebe mzigo mzito siku za mwanzo, usiipeleke mwisho. Oili ya kwanza mwaga mapema, kabla ya kilomita 500.

---

Njia_Panda

Wawili wamefanya topu, mmoja anasema polepole, mwingine anasema vuta. Ndiyo maana mimi nauza.

---

Mama_Helmeti

Mimi nilienda katikati: polepole kilomita 200, kisha kuvuta na kuachia. Imefika kilomita 26,000 haijaomba oili katikati ya mabadilisho.

---

Mkokoteni_Hewa

Nimefika kilomita 1,150 tangu tufunge. Kilima napanda kwa gia ya nne nikiwa na nusu ya mzigo, mzigo kamili bado sijajaribu. Oili niliimwaga kwenye 300, ilikuwa na mng'aro wa chuma kidogo, kisha tena kwenye 1,000, ikawa safi zaidi. Tangu kilomita 300 hadi 1,000 kijiti kilishuka kama robo ya nafasi kati ya alama mbili.

---

Kiki_Moja

Robo ni nyingi kwa topu mpya.

---

Mzee_Maikromita

Ringi bado zinakaa. Pima tena kwenye 2,000 ndipo uhukumu. Na kaza nati za kichwa upya kama hamkufanya hivyo baada ya joto la kwanza.

---

Mkokoteni_Hewa

Hatukukaza. Na kuna mlio mwembamba wa tik-tik juu, umeanza jana. Chini kumetulia. Inaweza kuwa hiyo hiyo?

---

Waya_Mwekundu

Huo ni wa tapeti, karibu hakika. Kaza kichwa kwanza kwa mpangilio wa msalaba, maana kukikaza kunabadilisha tapeti, kisha zipime, nyingi za mtindo huu ni 0.08 kote kuwili. Pima ikiwa imelala usiku mzima, kabla hujaiwasha.